Oda zinapanda na kushuka kila siku, nitajuaje kama biashara inakua?

SatoNyegezi: Wakuu, nauza sato wa kukaanga hapa Nyegezi, oda kwa simu, boda anapeleka. Wiki iliyopita kuanzia Jumatatu: 14, 12, 15, 13, 31, 38, 17. Wiki hii: 11, 10, 12, 11, 29, 36, 17. Jumamosi najiona tajiri, Jumanne natamani kuzima jiko. Niongeze boda wa pili?

kitunguu_maji: Piga wastani wa siku 5 za mwisho, kila siku unasogeza. Dukani kwangu ndivyo nafanya, namba zinatulia.

HesabuZaJioni: Kusogeza sawa, hiyo 5 ndiyo tatizo. Kwa namba za dada, Alhamisi ya wiki hii siku 5 za mwisho zinatoa 12.2, Jumamosi zinatoa 19.6. Biashara haijakua ndani ya siku mbili, ni wikendi tu imeingia kwenye hesabu. Ukitumia 7, kila wastani una Jumamosi moja na Jumanne moja, wikendi haina pa kukudanganyia. Kwenye Excel weka tarehe safu A, oda safu B kuanzia mstari wa 2, halafu kwenye C8 andika hivi, uvute chini:

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Jumapili iliyopita inatoka 20, Jumatano 18.9, leo 18. Inateremka taratibu.

SatoNyegezi: Duh! Basi si nitumie 30 kabisa?

HesabuZaJioni: Itatulia zaidi ila itachelewa. Wastani wa 7 unakuonyesha hali ya kama siku 3 nyuma, wa 30 karibu wiki 2. Wateja wakihama leo, utashtuka wameshazoea kwa jirani. Tena 30 mara ina Jumamosi 4, mara 5. Ukitaka mrefu, chukua 28.

MamaDagaa: Mimi niko Mwaloni Kirumba, wiki hainihusu. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, oda zinakatika. Nimejaribu hiyo 7, inapanda na kushuka kama wimbi.

HesabuZaJioni: Mama, mzunguko wako ni wa mwezi wa angani, siku 29 na nusu hivi. Hapo 7 inakuchorea mwezi tu. Jaribu 29 au 30, ingawa hiyo nusu siku itakusumbua kidogo.

kitunguu_maji: Kwa hiyo boda asiongeze, biashara inashuka.

HesabuZaJioni: Sijasema hivyo. Kutoka oda 140 kwa wiki hadi 126 inaweza kuwa bahati mbaya tu, wiki mbili ni chache. Na boda usimpime kwa wastani. Wastani unasema 18, Jumamosi una 36 za kupeleka. Samaki wanafika wamepoa siku gani?

SatoNyegezi: Ijumaa na Jumamosi tu. Ila huyo kijana anataka kulipwa wiki nzima.