Kadi imekataliwa kaunta, hela ninazo, halafu meseji ya kukatwa ikaingia!

Chausiku82
Wakuu, nina hasira hata chai haipiti. Jana Jumamosi jioni niko supamaketi Mikocheni, foleni imefika kwenye mafriji ya maziwa, toroli limejaa. Bili 187,400. Nachomeka kadi, naweka namba ya siri, mashine inazunguka weee, mwisho inasema hakuna mawasiliano. Keshia ananihamishia kaunta ya pili. Narudia: DECLINED. Binti wa watu akatangaza, sauti inafika mpaka kwa mlinzi, "Dada, hela haitoshi."

Haitoshi vipi? Asubuhi nilikuwa na 1,450,000. Nikanunua tangi la maji na mabomba Kariakoo kwa kadi hiyohiyo, 700,000, ikapita bila neno. Zimebaki 750,000. Nimeacha toroli, nafika kwenye bajaji, meseji ya benki hii hapa: umelipa 187,400! Mmenikatalia na mmenikata. Nimepiga huduma kwa wateja, nimesikiliza muziki mpaka vocha ikaisha.

Mtu_wa_Tandika
Mtandao tu huo dada. Jumamosi jioni mashine zote zinalemewa. Ungejaribu tena mara tatu nne ingepita.

Babu_Swichi
Asijaribu mara nne! Chausiku, kikaratasi cha mara ya pili unacho? Karibu na neno DECLINED kuna tarakimu mbili. Nitajie.

Kipepeo_Mbeya
Pole. Mimi yangu ilimezwa na ATM Mwanjelwa, nikarudi na kitambulisho Jumatatu wakanipa. Nenda na kitambulisho.

Chausiku82
@Kipepeo kadi ninayo mkononi mpenzi. @Babu nimekifukua kwenye mkoba, imeandikwa RC 61.

Babu_Swichi
Basi yule binti kakuonea. Salio lisipotosha inakuja 51. 61 ni kwamba umevuka kiasi ambacho kadi inaruhusiwa kutumia kwa siku, hata kama akaunti ina milioni mia. Nilikaa kitengo cha kadi miaka, hili lilikuwa linatuletea wateja wenye ngumi. Kadi yako kiwango chake kwa siku ni kiasi gani?

Chausiku82
Nimeangalia kwenye programu ya benki, manunuzi mwisho 1,000,000. Lakini 700,000 na 187,400 haifiki milioni!

Babu_Swichi
Haifiki, ukihesabu mara moja. Kaunta ya kwanza, ombi lako lilifika benki, benki ikakubali na kuitenga 187,400. Jibu ndilo lililopotea njiani. Wewe na keshia mnajua imeshindikana, benki inajua umelipa 887,400. Ukaja kaunta ya pili na 187,400 nyingine: 1,074,800. Imezidi kwa 74,800, ikakataa. Meseji uliyoipata kwenye bajaji ni ya ile ya kwanza, imechelewa tu.

Na @Mtu_wa_Tandika hukukosea yote, mtandao ndio ulioanzisha. Ila kila anaporudia, kama majibu yanapotea, hela nyingine inatengwa.

Chausiku82
Sasa kwa nini mashine haikuwaambia benki wairudishe?

Babu_Swichi
Inatakiwa. Mashine ikikosa jibu hutunza ujumbe wa kufuta, na nyingi huutuma kabla ya muamala unaofuata. Lakini wewe ulihamishwa. Kama mashine ya kwanza ilizimwa baada yako, ujumbe bado umelala humo ndani. Wapigie supamaketi, waiwashe ile ya kwanza na wapitishe muamala mmoja.

Keshia_Wenu
Naomba niwatetee wenzangu kidogo. Skrini yangu inaandika DECLINED tu, mteja nyuma anagonga kikapu, msimamizi ananikodolea. Tunasema "hela haitoshi" kwa mazoea. Na mara nyingine inatoka 05, hiyo hata benki haisemi sababu, nimwambie nini mteja?

Chausiku82
Mwambie "benki imekataa, waulize." Basi! Usinitangazie umaskini mbele ya majirani.

Mtu_wa_Tandika
Babu, ikishafutwa, kile kiwango cha siku nacho kinarudi hapohapo?

Babu_Swichi
Benki nilikokuwa mimi, hela ilirudi lakini kiwango hakikurudi mpaka saa sita usiku.

Dalali_Mkweli
Yangu ilirudi papo hapo, nilinunua tena siku ileile. Babu mambo yako ya zamani hayo.

Chausiku82
Mrejesho: nimepiga supamaketi. Mashine ya kaunta ya kwanza ilizima chaji jana ileile, imelala kwenye droo. Wameichaji, wakauza maji ya kunywa kwa kadi ya msimamizi, dakika chache meseji ikaingia: 187,400 imerejeshwa. Benki mpaka sasa kimya. Kesho nakwenda tawini, nataka waniambie kwa nini meseji ya kukatwa inanifikia, ya kukataliwa na sababu yake hainifikii.