Tupeane uzoefu: Pluto ikikamata Jua, Mwezi au Zuhura yako, ulipitia nini?

Binti wa Hombolo
Habari za jioni wapendwa. Nimeanzisha huu uzi maana kila nikitafuta habari za Pluto naambiwa tu "mabadiliko makubwa", hakuna anayesema yalianzaje na yaliishia wapi. Naanza na yangu. Nimezaliwa 20 Aprili 1988 asubuhi, Jua langu liko nusu digrii tu ndani ya nyota ya Ng'ombe. Sasa Pluto ilivyoanza kuingia nyota ya Ndoo, Machi 2023, ikawa inapiga skwea na Jua langu, yaani digrii 90. Mei 2023 ikakaribia kabisa halafu ikarudi nyuma hadi kwenye Mbuzi. Ikaja kugusa sawasawa mwanzoni mwa Februari 2024, ikarudi tena juu yangu Agosti, ikamalizia Desemba.

Baba alituachia shamba la zabibu, kaka mkubwa ndo msimamizi wa mirathi. Miaka yote mimi mtoto wa mwisho sikuwa na neno, kaka anauza, anagawa anavyoona. 2023 ndo nikaanza kusikia moyoni kama kuna kitu kinanikaba nikisikia "usijali mdogo wangu, nitakuambia". Februari 2024 baada ya mavuno akaniletea karatasi nisaini kwamba kipande cha juu kimeuzwa, nikakataa mbele ya shangazi na wajomba, nyumba nzima ikanuna. Kuanzia hapo nikawa silali, najua lori gani limepakia kreti ngapi na limeondoka saa ngapi. Agosti mavuno ya pili ugomvi ukarudi mkubwa zaidi, nikaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba atoe hesabu. Desemba akazitoa, mipaka ikapimwa na kila mtu akajua chake. Kaka hatuongei kama zamani ila sasa ananipigia KABLA ya kuuza, sio baada. Na mimi yule binti wa kuitikia tu "sawa kaka" hayupo tena, hata ofisini wameona.

Mnyakyusa wa Area D
Dada pole sana. Mi ni Nge, na Nge inatawaliwa na Pluto, kwa hiyo mimi Pluto ninayo tangu tumboni ndo maana napenda kucontroo kila kitu, mke wangu anajua hilo. Sisi Nge wote tuko hivi, hatuhitaji hata chati.

Bibi Falaki, Kondoa
Mwanangu wa Area D uko nusu ya njia. Ni kweli wanajimu wa siku hizi wanampa Pluto nyumba ya Nge, ila zamani Nge ilikuwa ya Mirihi, Pluto yenyewe imeonekana 1930 tu. Kuwa Nge sio sawa na kuwa na Pluto kwenye Jua. Chukua mtoto aliyezaliwa siku za mwanzo za Mei 1990, Jua lake Ng'ombe na Pluto iko Nge ng'ambo ya pili inamtazama uso kwa uso, huyo ni Ng'ombe lakini maisha yake yote atakutana na watu wanaotaka kumshika, au atakuwa yeye mshikaji. Na kuna Nge kibao ambao Pluto yao haigusi Jua kabisa.

Binti wa Hombolo yeye ni jambo lingine tena. 1988 Pluto ilikuwa kama digrii 11 au 12 za Nge, mbali na Jua lake, kwa hiyo hakuzaliwa na mzigo huo, ulimpitia. Wa kuzaliwa nao unajirudia kwa baba, kwa bosi, kwa mchumba, sura zinabadilika ila mchezo ule ule. Wa kupita una mwanzo na mwisho, unakuja mara tatu kwa sababu Pluto kila mwaka inarudi nyuma karibu miezi mitano. Mguso wa kwanza jambo linafichuka, wa pili unalazimika kulishughulikia, wa tatu linafungwa. Ndivyo nilivyoona kwa wengi, sio wote.

Fundi Nkuhungu
Shikamoo bibi. Mi nauliza kwa nia njema. Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kama Februari-Machi na Agosti-Septemba. Hela ikiingia ndo ndugu wanagombana. Sasa hapo ni Pluto au ni msimu?

Binti wa Hombolo
Kaka swali zuri na nimeliwaza sana. Msimu unakuja kila mwaka, na miaka yote nyuma nilikuwa nanyamaza msimu ukipita. Kilichobadilika ni mimi kutoweza kunyamaza.

Fundi Nkuhungu
Sawa, ila ulikuwa na miaka 35, 36. Watu wengi umri huo wanachoka kunyamaza hata bila sayari. Sijashawishika bado ila naendelea kusoma.

Mama Wawili Manyoni
Jamani mimi chati yangu inasema Mwezi na Pluto skwea, imepishana na 90 kwa digrii tatu, na ni kweli mama yangu alinishika kupita kiasi, barua zangu za shule alikuwa anafungua yeye, mpaka leo akipiga nisipopokea anapiga kwa jirani. Na mimi najikuta nakagua begi la binti yangu kila siku, naumia lakini nakagua. Mama alisema nilizaliwa saa mbili asubuhi.

Bibi Falaki, Kondoa
Mama Wawili, kwenye simu uliandika saa ngapi?

Mama Wawili Manyoni
2:00

Bibi Falaki, Kondoa
Hapo ndo wengi wetu tunapotelea. Saa mbili asubuhi ya kwetu andika 08:00. Umejirudisha nyuma masaa sita, na Mwezi unatembea kama nusu digrii kwa saa, kwa hiyo Mwezi wako umesogea digrii tatu na kitu. Jua halisumbui hivyo maana linatembea digrii moja kwa siku nzima, ndo maana chati ya Binti wa Hombolo naiamini haraka. Rekebisha utuambie kama skwea imekaza au imelegea.

Mama Wawili Manyoni
Nimerekebisha, sasa inasoma digrii sita na nusu. Mbona mama yangu hajabadilika 😭

Bibi Falaki, Kondoa
Digrii sita na nusu mimi naiona dhaifu, kuna wenzangu wanakubali mpaka nane kwa Mwezi. Hapo hatujakubaliana na sitakudanganya. Ila swala la begi la binti usisubiri chati, ongea naye.

Abuu Chang'ombe
Nyie mnaenda mbali. Nyota inapigwa kwa jina lako na la mama yako, hesabu ya herufi, basi. Hiyo Pluto haimo hata kwenye sayari saba, na wazungu wenyewe walishaitoa 2006. Dada weka jina la mama nikuangalizie.

Bibi Falaki, Kondoa
Abuu, hiyo ni elimu nyingine na ina watu wake. Hapa tunasoma digrii za angani. Waliibadilisha cheo 2006, mahali ilipo hawakupabadilisha.

Neema K.
Naombeni msaada. Zuhura yangu digrii 3 ya Nge, nimeona Pluto iliipiga skwea 2025. Mchumba wangu alianza mwaka huo kuchukua simu yangu, kunipangia nguo, na juzi amenishika mkono kwa nguvu mpaka umevimba. Nisubiri Pluto ipite?

Bibi Falaki, Kondoa
Mguso wa mwisho hapo ni mwanzoni mwa 2026, lakini mwanangu usisubiri tarehe. Zuhura na Pluto naweza kusoma kama mapenzi ya kung'ang'aniana, mkono uliovimba sio wa kusoma kwenye chati. Nenda kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, ukipita hospitali na mkono huo uandikiwe, na usimwambie unaenda.

Binti wa Hombolo
Neema niko Makole wiki hii, nitakusindikiza kesho asubuhi. Nakuja inbox sasa hivi.