Tupeane uzoefu: panja zinapanda, utosi unafunguka, na bado uko chini ya miaka 30

Mtoto wa Mwaloni (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kutoka Kirumba. Nina miaka 28, nauza nyavu, kamba na maboya jirani na mwalo. Naweka yangu mezani, nanyi wekeni yenu, ila iwe mliyopitia wenyewe. Za "shemeji yangu alipaka akapona" tunazo tayari.

Aliyeniambia kwanza ni kinyozi. Alipofika utosini akazima mashine, akanishikisha kioo kidogo, akasema, "Kaka, huku kumeanza kupitisha mwanga." Panja nilikuwa nazijua, nazificha kwa kofia. Utosi sikuujua kabisa, maana nani hujiangalia utosini?

Miezi sita ya mwanzo niliipoteza kwa maji ya kitunguu. Nilichopata ni harufu, hadi wateja wakawa wanasimama mbali na kaunta. Baadaye nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alinipaka kitu kama jeli, akaweka kilenzi juu ya simu yake, akanionyesha picha mbili. Ya kisogoni: kila tundu linatoa nywele nene, nyeusi, zinazolingana. Ya utosini: tundu moja linatoa nywele nene, la jirani linatoa kaunyoya kembamba kama ka mtoto mchanga, mengine yametulia tu. Akasema nywele zako hazing'oki, zinanyauka. Kila zikidondoka na kuota upya zinarudi nyembamba na fupi zaidi.

Akaniandikia minoksidili ya maji, asilimia 5. Mililita 1 asubuhi, 1 usiku, kwenye ngozi kavu, siyo juu ya nywele. Ukishapaka, usioshe kichwa mpaka masaa manne yapite. Ya usiku uipake angalau masaa mawili kabla ya kulala, la sivyo inaishia kwenye mto.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kudondoka kuliko mwanzo! Nilizikuta kwenye taulo, kwenye kola, mpaka kwenye daftari la mauzo. Nikampigia daktari kwa hasira. Akacheka, akasema zinazodondoka ni zile zilizokuwa zinasubiri kutoka, dawa imeziharakisha, vumilia. Zilitulia kwenye wiki ya nane hivi. Mwezi wa nne nikaona vinyoya vinaanza kuwa vyeusi. Mwezi wa kumi utosi ulikuwa umefunika vizuri, siyo kama wa kidato cha nne, lakini kioo cha kinyozi hakikunitisha tena.

Panja? Hakuna kitu. Labda zimeacha kupanda, ila hazijarudi hata kidole.

Kosa langu: nikaona nimepona, nikaacha. Ndani ya miezi minne utosi ukarudi ulikokuwa. Sasa nimeanza upya, niko mwezi wa pili, na zinadondoka tena. Wenzangu mmefika wapi?

Kinyozi Igoma

Mimi nanyoa vichwa zaidi ya ishirini kwa siku, kwa hiyo nina la kusema. Kinachoua panja za vijana ni vitu viwili: helmeti, na ninyi wenyewe mnavyotaka kuchongwa. Mtu anasema "nipige laini kali", wiki hii nachonga hapa, wiki ijayo kinyozi mwingine anakosea milimita mbili, anasawazisha kwa kurudi nyuma. Baada ya mwaka paji limekuwa uwanja, anasema ana kipara.

Namna yangu ya kupima: akae wiki tatu bila kuchonga. Vikiota vipele vya nywele ngumu mbele ya laini, panja zake ziko salama, ni wembe tu. Ikibaki ngozi laini au kaunyoya, basi hiyo ni ya ukoo.

Bodaboda Mkolani

Kinyozi la helmeti kataa. Baba yangu mvuvi wa Ukerewe, hajavaa helmeti tangu azaliwe, na kichwa chake ukikiona juani unafumba macho. Hii ni damu ya upande wa mama, kila mtu anajua. Ila baba wa mama yangu alikufa na nywele zake zote. Sasa hapo sielewi imenifikaje.

Mama Dawa, Buzuruga

Mdogo wangu wa Mkolani, umejijibu mwenyewe bila kujua. Inarithiwa pande zote mbili. Kuna sehemu kubwa inapita kwa mama, ndiyo maana watu wakashika hiyo tu, lakini kichwa cha baba yako ni ushahidi tosha. Kinachorithiwa ni wepesi wa mizizi ya mbele na ya utosini kudhurika na homoni ya DHT, ambayo mwili unaitengeneza kutoka testosteroni. Mizizi ya kisogoni na ya pembeni juu ya masikio haijali homoni hiyo. Ndiyo maana hata mzee mwenye uwaraza uliokamilika anabaki na kile kishada cha nyuma. Helmeti ingekuwa na kosa, ingekata nywele mzunguko mzima inapobana, isingechagua utosi.

Kinyozi kwenye kuchonga yuko sahihi, na kipimo chake cha wiki tatu nimekipenda.

Niko duka la dawa miaka mingi, niongeze moja kwa wanaonunua. Chupa nyingi za "mafuta ya kuotesha nywele na ndevu" hazisemi zina dawa gani wala kwa kiasi gani. Kama lebo haionyeshi neno minoksidili na asilimia, haina namba ya usajili wa TMDA wala tarehe ya kuisha, hujui unachopaka. Na kichwa kikiwasha na kutoa magamba baada ya minoksidili halisi, mara nyingi ni kile kimiminika kilichoyeyushia dawa. Mwambie daktari, ipo ya povu ambayo wengi wanaivumilia. Msimwage mililita 3 mkidhani mtawahi. Kinachozidi kinaingia mwilini, moyo unaanza kwenda mbio.

Dada wa Nyegezi

Mimi panja zangu zote mbili zimekwisha, zimebaki vinywele vya kuhesabu. Nasuka rasta tangu kidato cha kwanza, na wigi juu yake. Nikipaka hiyo asilimia 5 zitarudi?

Mama Dawa, Buzuruga

Mwanangu, yako ni nyingine, kaka zako hapa wanazungumzia ya homoni. Yako ni ya kuvutwa. Fumua, usibane, usiweke gundi ya wigi, upe miezi. Kisha pasa kidole ukiangalia kwenye mwanga: ukiona vitundu vya nywele bado vipo, kuna matumaini. Ngozi ikiwa nyororo inang'aa, haina vitundu, hilo ni kovu, dawa haioteshi juu ya kovu. Nenda ukaangaliwe kabla hujafika huko.

Mchele wa Magu

Nami nilipata. Nililazwa na malaria kali, miezi miwili na nusu baadaye nywele zikaanza kutoka kichwa kizima, ukishika unabaki nazo mkononi. Nikanunua dawa mbili, baada ya miezi sita zikarudi zote. Dawa zinafanya kazi jamani.

Mtoto wa Mwaloni

Mkuu, hizo zingerudi hata ungepaka uji. Daktari aliniuliza hilo hilo mwanzoni: uliugua homa kubwa miezi miwili, mitatu iliyopita? Za homa zinatoka kichwa kizima, kisogo kikiwemo. Zangu kisogo hakijaguswa.

Mzee Kijana, Nyakato

Miaka 31. Nina miaka miwili kwenye vidonge vya finasteridi. Siku ya kwanza nilivyofika dirishani na cheti, kijana wa dawa akaninong'oneza, "Kaka, pole, tezi dume umeijua lini?" Watu wawili nyuma yangu wakasikia. Ikabidi nieleze mbele ya foleni kwamba ni nywele. Vidonge vinavyopatikana kwa wingi ni vya miligramu 5, vya wazee wa tezi, za nywele ni miligramu 1 kwa siku. Daktari akaniambia nikate kimoja vipande vinne, kila siku kipande.

Nilikuwa nakatia mezani kwa kisu, unga unabaki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu na ndiye anayefuta meza. Nilipomtajia daktari alishtuka kuliko nilivyotegemea. Mjamzito hatakiwi kugusa kidonge kilichovunjwa, kinaweza kuathiri via vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Tangu hapo nakatia kwenye kikatio chenye kifuniko, nje, na nafuta mwenyewe. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

Matokeo: miezi mitano sikuona kitu. Mwaka ulipoisha kupungua kumesimama, utosi umejaa kiasi. Panja zimeshika pale pale.

Bodaboda Mkolani

Sema ukweli mzee, na ile nyingine? Nasikia inalaza jogoo.

Mzee Kijana, Nyakato

Mwezi wa pili hamu ilipungua, sikatai. Sijui ilikuwa dawa au hofu, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma mambo hayo na kila usiku najikagua. Niliendelea, ikarudi. Rafiki yangu yalimkuta hayo hayo, akaacha, na anasema ilimchukua muda mrefu kuwa sawa.

Mama Dawa, Buzuruga

Inawapata wachache kati ya mia, na wengi wao inaisha wakiacha. Wapo wanaosema haikuisha, na wataalamu bado wanabishana kuhusu hao. Mwenye historia ya sonona, au anayetafuta mtoto na mbegu zake ni chache, aongee na daktari kabla, siyo baada. Na ukija kupimwa damu ya tezi dume uzeeni, sema unaitumia, maana inashusha kile kipimo karibu nusu na daktari anaweza kudanganyika.

Kapteni Musoma

Mimi niliulizia kupandikiza. Wanatoa mizizi kisogoni wanahamishia mbele. Daktari akaniuliza kama nina makovu yanayovimba. Ninalo begani, la chanjo, limekaa kama harage. Akasema kwako nasita. Pia nywele zetu mzizi wake umejikunja ndani ya ngozi, asiyezoea anaukata wakati wa kuuchomoa. Nikarudi nyumbani, nikanunua mashine, nanyoa zote kila Jumapili. Mke anasema nafanana na mchungaji.

Mtoto wa Mwaloni

Kapteni umenipa wazo, ila nimalize kwanza mwaka huu. Mara ya pili nataka ushahidi, siyo hisia. Kila tarehe 1 picha tatu, dirisha lile lile, saa nne asubuhi, siku kumi baada ya kunyoa. Mwanzo nilikuwa napiga nikiwa nimenyoa na miezi mingine nikiwa na msitu, nikajidanganya nimeota.

Kinyozi Igoma, upo? Unanyoa namba ngapi utosini bila kupachanganya na pembeni?

Kinyozi Igoma

Njoo Jumanne, Jumamosi kuna foleni. Nitakupiga namba 2 kichwa kizima, nyuma na juu sawa, ulinganishe na kisogo chako mwenyewe. Laini sichongi.