Steshenari wameskani patani yangu ikatoka ndogo, kola 14 zimeenda na maji!

Mama Cherehani: Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Patani yangu ya kola za sare za kwaya ilichakaa, nikaipeleka steshenari waiskani na kunichapia nyingine. Pembeni nilichora mistari miwili ya sentimita 10, mmoja wa kulala, mmoja wa kusimama. Kijana wangu mgeni kazini akaiona ndogo, akadhani ni kwaya ya watoto, akakata kola 14. Naweka futi kamba juu ya mstari: 6.7! Nawauliza, najibiwa "mama, mashine haikosei, karatasi si ni A4 ile ile?" Kitambaa analipa nani?

Sindano Butu: Hiyo ni Fit to page. Wachague Actual size, kwisha.

Mama Cherehani: Tumechapa tena na Actual size nikiwa nimesimama pale. 6.7 vilevile.

Pendo K: Pole dada. Yangu ilitoka kubwa, MB 9, mfumo wa maombi ukaikataa. Waambie wapunguze dpi.

Mama Cherehani: Mdogo wangu, mimi nalia na sentimita, si MB.

Fundi Mashine: Fit to page hula kidogo tu, mstari ungetoka 9.6 au 9.7. Hiyo 6.7 ni theluthi mbili, yaani 200 kwa 300. Waliskani kwa 200 dpi, A4 ikawa na pikseli 1654 kwa upana. Kisha mtu akafungua ukurasa mtupu wa 300 dpi akabandika picha humo. Pikseli ni zile zile, ila sasa kila inchi inameza 300, kwa hiyo sentimita 21 zimebaki 14. Hukuona ukingo mweupe kuzunguka patani? Wangeskani kwa 300 na kubandika kwenye ukurasa wa 200, mstari ungefika 15.

Dai faili la kwanza, kabla halijabandikwa. Lifungue kwenye GIMP, nenda Image, halafu Print Size. X resolution ikisoma 200, lichape humo humo. Scale Image usiiguse, hiyo inabadilisha pikseli zenyewe.

Mama Cherehani: Ukingo ulikuwepo, zaidi ya vidole viwili kila upande! Faili la kwanza wamelipata, limesoma 200. Tumechapa: mstari wa kulala 10 kamili. Wa kusimama 9.8. Sasa hii nayo nini?

Sindano Butu: Printa inavuta karatasi vibaya.

Fundi Mashine: Inawezekana, au ni skana. Waliilaza kwenye kioo au waliipitisha trei ya juu? Huko juu roli ndizo huvuta karatasi, na zisipoivuta kwa kasi sahihi urefu ndio unaoharibika, upana unabaki salama.

Mama Cherehani: Sikuwepo wakati wanaskani. Kesho narudi na patani yenyewe na rula yangu, wailaze kwenye kioo mbele ya macho yangu. Na kola 14 mpaka sasa hawajatamka neno.