Naomba ushauri: mwenye nyumba yuko Doha, ilani ya kodi ya mapato ya pango imefika

Wakuu, nyumba ziko Nyali, mwenyewe yuko Doha, wakala wa Mombasa ndiye anayekusanya pango. Mwaka mzima wakala amelipa asilimia 7.5, kiwango cha mkaazi wa Kenya. Ilani sasa inadai asilimia 30, kiwango cha asiye mkaazi: kwa pango la 100,000 kwa mwezi, ni 30,000 badala ya 7,500. Pingamizi liwe ndani ya siku 30.

Lakini ana makazi ya kudumu Likoni, na mwaka huo alikuja likizo Agosti. Kisheria mambo hayo mawili yanatosha kumfanya mkaazi, hata kwa siku chache. Mihuri ya pasipoti ipo. Makazi ya kudumu yathibitishwe kwa nini: hati, au bili za stima? Na barua ya uwakala isiyotaja pingamizi, itamruhusu wakala kulisaini?