Mjadala: Tangazo la kwanza kwa wafanyakazi liseme mgomo ni batili?

Muulizaji: Karakana yetu imesimama tangu asubuhi. Mkurugenzi anataka tangazo litoke kabla ya saa nane, liseme mgomo ni batili na asiyerudi kesho amejifukuzisha kazi. Niliandike hivyo?

Afisa utumishi: Liandike. Watu wajue msimamo mapema. Weka wazi pia kwamba asiyefanya kazi halipwi, hakuna sheria inayokataa hilo.

Wakili wa kesi za kazi: Kama hamna amri ya mahakama mkononi, neno "batili" liacheni. Andikeni mnachoweza kukithibitisha: "Kazi imesimama karakana tangu saa 1:30 asubuhi. Tunazungumza na chama cha wafanyakazi. Taarifa nyingine itatoka saa 10 jioni, hata kama hakutakuwa na jipya." Basi, na jina la mtu wa kuulizwa.

"Amejifukuzisha" ndilo linalonitisha zaidi. Karatasi hiyo ikifika mbele ya msuluhishi, inaonyesha mmekata shauri kabla ya kumsikiliza mtu. Tena Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unamkinga mfanyakazi asifukuzwe kwa uanachama wake wa chama, na nchi nyingi zimeuridhia.

Kuhusu malipo, afisa yuko sahihi nusu. Yupo aliye likizo ya ugonjwa, na yupo aliyefika tayari kwa kazi akakuta geti limefungwa. Hao hawakugoma. Ukiwaweka kapu moja na wagomaji, umejitafutia madai mengine.

Msemaji wa kampuni: Waandishi wa habari mimi ningewaambia wateja hawataathirika.

Wakili wa kesi za kazi: Hilo ni tangazo lingine. Ila hili la ndani nalo liandikeni mkijua litasambaa kwenye simu kabla ya jioni. Na msiahidi kitu ambacho hamna uhakika nacho.

Mjumbe wa tawi: Kwetu waliandika "wafanyakazi wachache wamepotoshwa". Waliokuwa wakisitasita ndani wakatoka siku hiyohiyo. Kisha msimamizi akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, akiwaahidi posho wakirudi. Chama kikapeleka malalamiko kwamba mwajiri anakizunguka, na dai la awali, la vifaa vya kinga, likakaa wiki nzima bila kuguswa.

Muulizaji: Wasimamizi wetu nao wanaulizwa maswali tangu asubuhi. Wajibu nini?

Wakili wa kesi za kazi: Wasome tangazo lilivyo, waishie hapo. Wasimuulize mtu kama atagoma, wala wasiorodheshe wanachama.

Afisa utumishi: Bado nang'ang'ania malipo. Mtu akikuta mshahara umekatwa bila kuambiwa, hasira yake itakuwa kubwa kuliko leo.

Wakili wa kesi za kazi: Hapo nakuelewa. Wekeni: "Malipo ya kipindi hiki yatafuata sheria na mikataba ya kazi."

Mjumbe wa tawi: Sentensi hiyo inamlinda mwajiri tu. Mwenye kodi ya nyumba anataka kujua atakatwa au hakatwi, na lini ataambiwa. Kama hamjaamua, semeni hamjaamua, mtaje na siku ya kujibu.