Kikapu kimeshajaa, halafu jamaa anadai mauzo ni yake!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, damu inachemka. Yule jamaa wa matangazo mnamjua, simtaji. Kasimama mbele ya bosi: mauzo ya mwezi 520, eti 400 kaleta yeye. Nikaomba mchanganuo. Waliobofya tangazo ni 20. Hao 380 "waliliona" tu, wakanunua ndani ya saa 24.

Nikachukua mteja mmoja, nikalinganisha kumbukumbu zetu na zake. Saa 4:02 kaingia kupitia barua pepe yetu. 4:05 kaweka bidhaa kikapuni. 4:09 yuko tovuti nyingine anasoma habari, tangazo la jamaa likapakiwa chini kabisa ya ukurasa. 4:11 karudi, kalipa. Jamaa bila aibu: "Huyu wangu."

Kikapu kimeshajaa! Na yeye anawalenga haohao walioacha vikapu! Bosi kaitikia, bajeti ya barua pepe inakatwa. Kesho jua likichomoza atadai lilipita kwenye tangazo lake. Kikapu kimeshajaa, wakuu!

Kobe_Mkavu: Pole, ila nawe unapiga kelele. Watu wengi hawabofyi, wanaona na kukumbuka. Ikiwa nusu ya pikseli za tangazo zilikaa kwenye skrini sekunde 1, mpe chake.

Mizani: Kobe, hapo unajua tu kwamba lingeweza kuonekana, si kwamba ndilo lililomfanya anunue. Walioacha vikapu wagawe kwa bahati nasibu. Sisi 90,000 tuliwaonyesha tangazo letu, 10,000 tukawaonyesha tangazo la hisani lisilohusu bidhaa zetu. Wakanunua 1,890 na 200. Kwa kiwango cha kundi dogo, wale 90,000 wangenunua 1,800 hata bila tangazo. Nyongeza ni 90. Ripoti ya matangazo ilidai 1,500.

Kobe_Mkavu: Kwa hiyo 90 ni zake.

Mizani: Hata hizo sina uhakika nazo. Ile 200 inaweza kuyumba kama 28 juu au chini kwa bahati tu, na ukizidisha mara 9 inaimeza 90 yote. Lile kundi la 10,000 lilikuwa dogo mno.

Mwanzisha uzi: Kikapu kilikuwa kimejaa, Mizani! Kimejaa!

Dada_Bajeti: Tumeelewa kikapu, kaka 😂 Ila hao wa kubofya mnaowaamini ndio wezi wakubwa. Kwetu mtu anaandika jina la kampuni yetu kwenye utafutaji, anabofya tangazo la juu badala ya kiungo chetu cha bure kilicho chini yake. Tunalipia mteja aliyekuwa anakuja mwenyewe!

Kidole_Kinene: Na mabofyo ya bahati mbaya kwenye simu? Nataka kufunga tangazo, ile alama ni ndogo kama punje, najikuta dukani kwao.

Mizani: Dada, mlishajaribu kulizima hilo la jina lenu?

Dada_Bajeti: Bosi hataki. Anasema mshindani atakaa pale juu.

Kidole_Kinene: Atakaa kweli. Kwetu alikaa siku hiyohiyo.